Bikoni 24 kwenye shamba la mtama: ujumbe nilioandika mara mbili

Vijana wa mafunzo kazini huniuliza jinsi ya kumwambia msimamizi kwamba wameharibu kazi. Mimi ni mpima ardhi, kwa hiyo nitajibu kwa kosa la upimaji, tena la kwangu mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, kwenye kampuni moja hapa Dodoma. Nilipewa mchoro wa mipangomiji wa eneo la Nala, upande wa barabara ya Singida, nikatakiwa kusimika bikoni, yaani mawe ya mipaka ya viwanja, kwa mashine ya GPS. Kwa siku mbili mimi na vibarua wawili tulisimika 24. Asubuhi ya siku ya tatu mzee mwenye shamba la mtama akaja na fimbo yake, akauliza kwa utulivu kabisa, "Mjukuu wangu, haya mawe mnanizikia nani?"

Nilipokwenda kukagua kwenye kontroli, yaani alama ya msingi ambayo koodineti zake zinajulikana, mashine ilinionyesha kwamba nimepishana nayo kwa zaidi ya mita 300. Nikaenda kwenye kontroli ya pili. Tofauti ileile, upande uleule. Hapo nikaelewa. Tofauti ikikua kadiri unavyokwenda mbali, shuku skeli au mzunguko wa koodineti. Ikibaki vilevile kila mahali, shuku datamu, yaani msingi ambao koodineti zinahesabiwa kutoka kwake. Michoro na kontroli nyingi za zamani hapa nchini ziko kwenye datamu ya Arc 1960, wakati mashine ya GPS kwa kawaida yake inafanya kazi kwenye WGS 84. Kwenye mashine nilikuwa nimechagua `EPSG:32736`, namba ya WGS 84, badala ya `EPSG:21036`, ya Arc 1960. Kanda ya ramani ni ileile, 36 kusini, na namba zinafanana sura, kwa hiyo jicho halishtuki. Ila ukisoma koodineti za Arc 1960 kana kwamba ni za WGS 84, huku kwetu unaangukia kaskazini kwa kama mita 300, na magharibi kwa pungufu ya mita 100. Kwenye pori la Nala hakuna ukuta wala nguzo ya kukuambia umepotea. Kontroli ndiyo ingeniambia, na siku ya kwanza niliiruka kwa sababu jua lilikuwa limeshapanda.

Nikakaa chini ya mbuyu na kuandika hivi:

> Shikamoo mkuu, habari za majukumu. Samahani kwa usumbufu. Huku Nala kumejitokeza changamoto kidogo, koodineti zimepishana na mchoro, ila tunaendelea kuishughulikia. Nitakujulisha.

Sikuutuma, namshukuru Mungu. Usome kama anavyousoma mtu aliye kwenye kikao, simu chini ya meza. "Kidogo" kwa mpima ni sentimita. Angejibu "sawa, endeleeni", na mimi ningekuwa na ruhusa ya kuendelea kusimika mawe kwenye mtama wa watu.

Angalia pia vitenzi. Kumejitokeza, zimepishana. Kiswahili chetu kina mlango mpana wa kutokea nyuma: faili limechanganyika, data zimepotea, muda umeisha. Hakuna aliyechanganya wala aliyepoteza. Na neno "changamoto" siku hizi limekuwa shuka la kufunikia kila kitu, kuanzia tairi lililopasuka hadi fedha zilizoibwa. Shida yangu na maneno haya si ya adabu tu. Msimamizi akisoma "zimepishana" hajui kama mchoro ndio mbovu, mashine ni mbovu, au mpima. Kila moja ina tiba yake, na mojawapo ingempeleka kugombana bure na ofisi iliyochora. Ukiandika "nimechagua datamu isiyo yake", umeshamwambia pa kurekebisha.

Ujumbe wa pili, uliotumwa, ulikuwa hivi:

> Shikamoo mkuu. Nimekosea kazi ya Nala. Bikoni zote 24 za juzi na jana ziko nje ya eneo, kama mita 300 kaskazini na 85 magharibi. Mchoro uko Arc 1960, mimi nimesimika kwa WGS 84, na sikukagua kontroli kabla ya kuanza. Nimekagua mbili leo saa nne, tofauti ni ileile.
>
> Nimesimamisha kazi. Nimempigia mchora ramani, faili la jana hajalitumia. Bikoni 9 zimeingia shamba la mzee mmoja, nimeongea naye na kumwambia si mipaka. Sijang'oa kitu.
>
> Napendekeza nisibadilishe koodineti kwa vigezo vya jumla, vitabakiza makosa ya mita kadhaa. Nifunge mashine kwenye kontroli 3 za hapa, nijaribu kwa ya 4, na nisisimike mpaka ya 4 itoke ndani ya sentimita 5. Siku mbili na nusu, gari moja, vibarua walewale. Kontroli ya 3 na ya 4 bado sijazifikia, sijui kama zipo.
>
> Naomba jibu kabla ya saa kumi: (1) idhini ya kung'oa bikoni 24, (2) kama utakuja kuona kontroli. Samahani mkuu, ni uzembe wangu.

Salamu imebaki. Mtu anayeikata ili aonekane wa kisasa anakosea, kwa maana mkubwa asiyeamkiwa husoma yaliyobaki kwa jicho jingine. Ila baada ya "shikamoo" kosa linafuata papo hapo, pamoja na namba. Kuomba radhi nimekuweka mwisho na kwa ufupi, maana ukianza na mistari minne ya radhi, msomaji anaanza kukuonea huruma kabla hajajua hasara.

Sehemu niliyohangaika nayo zaidi ni pendekezo. Wazo la kwanza lilikuwa jepesi: nipitishe koodineti kwenye programu, zibadilike kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84, nirudie. Lakini vigezo vinavyokuja na programu vimetengenezwa kwa nchi nzima, hata zaidi ya nchi moja. Vinatosha kwa ramani ya kuangalia. Kwa bikoni ya kiwanja chenye upana wa mita 20 havitoshi. Ningerudi na kosa la pili, dogo kiasi cha kutoonekana, na hilo ndilo baya. Kwa hiyo pendekezo lilihitaji kipimo cha kujua kwamba tiba imefanya kazi: kontroli ya nne, ambayo haikutumika kufunga mashine, yaani kuioanisha na alama za hapo. Kama huwezi kusema utajuaje kwamba marekebisho yamekubali, pendekezo lako bado ni matumaini.

Kuhusu kung'oa, mikono iliniwasha niyatoe mawe yale kabla hajaona mtu. Alama ya upimaji haing'olewi kiholela, hata iliyokosewa, na mzee wa mtama angeona watu wanaoficha kitu. Ndiyo maana ile ni idhini niliyoiomba, wala sikuitolea taarifa baada ya tendo. Mengine niliyofanya bila kuuliza, kusimamisha kazi na kumzuia mchora ramani, hayamgharimu mtu hata kama ningekuwa nimekosea tena.

Jibu lilikuja saa saba na nusu, kwa sauti, injini ya gari ikinguruma nyuma yake. "Ng'oa, lakini mwenye shamba awepo, na mashimo uyafukie. Kontroli ya tatu ipo kwenye kilima, niliiweka mimi. Ya nne naijia mwenyewe, usiiguse."

Mzee tulimlipa miche ya mtama tuliyoikanyaga. Kontroli ya nne ilitoka sentimita 3.