Tangi lililo wazi juu lina nyuso tano, si sita

Mama mmoja wa Pasua, Moshi, alijengewa tangi la tofali uani kwake. Fundi alimwambia linabeba karibu lita 5,000. Siku alipoleta gari la maji la lita 4,000, tangi lilifurika kabla gari halijaisha. Akaja chuoni kwetu kuuliza maji yamepotelea wapi.

Tulikwenda na futi kamba. Fundi alikuwa amepima kwa nje: urefu mita 2.3, upana 1.8, na kimo cha ndani 1.2. Ukizidisha unapata mita za ujazo 4.968, yaani lita 4,968, kwa kuwa mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Hesabu yake haina kosa, ila ameyahesabu na matofali kama maji. Ukuta pamoja na plasta una unene wa sentimita 15, nao uko pande zote mbili, kwa hiyo kila kipimo cha nje kinapungua sentimita 30. Ndani tulipata 2 × 1.5 × 1.2, sawa na 3.6, yaani lita 3,600.

Hata hizo hazijai zote. Bomba la kumwagia maji yanayozidi liko sentimita 10 chini ya ukingo, kwa hiyo kimo cha maji ni mita 1.1 na tangi linashika lita 3,300. Kwa kujua kilichobaki, mama hahitaji kikokotoo. Sakafu yake ni mita za mraba 3, hivyo kila sentimita moja ya maji ni lita 30. Akichovya fimbo kavu wima mpaka sakafuni ikalowa sentimita 40, ana lita 1,200.

Jambo la pili lilikuwa malipo ya plasta ya ndani. Walipatana shilingi 6,000 kwa mita ya mraba, na fundi akatumia kanuni ya boksi lililofungwa:

2 × (2×1.5 + 2×1.2 + 1.5×1.2) = 14.4

Jumla shilingi 86,400. Lakini tangi lile liko wazi. Limefunikwa kwa bati tu, na bati halipigwi plasta. Nyuso za kulipia ni sakafu moja na kuta nne. Kuta ni mzunguko wa ndani mara kimo: mita 7 × 1.2 = 8.4. Ongeza sakafu 3, unapata mita za mraba 11.4, sawa na shilingi 68,400. Zile 18,000 za ziada zilikuwa bei ya dari ambayo haipo.

Fundi, kwa haki yake, hakubisha. Aliuliza tu: akimwaga zege juu badala ya bati, je? Tukamjibu kwamba akiipiga plasta na zege hiyo kwa chini, hesabu inarudi 14.4, ila atoe eneo la tundu la kuingilia: likiwa la sentimita 60 kwa 60, ni mita za mraba 0.36.