"Dharura ya kifamilia" haikurudishi kwenye usaili

Wiki hii nimepokea tena ujumbe ule ule: "Samahani kama nimewakwaza, jana nilipata dharura ya kifamilia. Naomba nipangiwe siku nyingine." Watu wanafundishana kwamba ukikosa usaili bila taarifa, utaje dharura au msiba, maana hakuna atakayethubutu kukuhoji. Ni kweli hatukuhoji. Tunaendelea na wengine.

Elewa kwanza jopo linavyofanya kazi. Kwetu tunakaa watatu: mkuu wa idara yenye nafasi, mtu wa fedha na mimi wa rasilimali watu. Kila msailiwa anaulizwa maswali yale yale na kupewa alama kwenye fomu. Wa mwisho akitoka, tunajumlisha na kusaini. Baada ya hapo kukurudisha wewe ni kuwaita wenzangu wakae upya, kwa maswali ambayo huenda umeshasimuliwa na waliotoka. Kwa hiyo unachopigania ni saa chache kabla ya saini, au siku moja kama usaili unaendelea kesho yake. Piga simu kwanza, kwa namba iliyo kwenye barua ya wito, halafu ujibu barua pepe ile ile ya wito ili jina la nafasi na saa uliyopangiwa vionekane. Usimtumie mjomba anayemfahamu bosi.

Sasa neno "dharura". Mimi ndiye ninayeingia chumbani kukuombea, na mkuu wa idara ataniuliza, "Ilikuwaje?" Nikijibu "dharura" sijamwambia kitu. Kinachomkera zaidi ni kimya chako: kwa nini hukupiga? Anapima kama siku lori limefika na mzigo haujapokelewa, utamwachia ajue mwenyewe. Hata msiba wa kweli unabaki na swali hilo. Uliyefiwa tunakupa pole kwa moyo wote, lakini niambie kama simu ilikuwa imezimika, ulikuwa safarini, au ulichanganyikiwa usiikumbuke kabisa. Hilo la mwisho naliamini. Tena "samahani kama nimewakwaza" si kuomba radhi. Hiyo "kama" inatuachia sisi tuthibitishe kwamba tulikwazika.

Mwaka jana tulisaili watunza ghala siku mbili, Jumanne na Jumatano. Kijana mmoja wa saa nne asubuhi Jumanne hakutokea. Saa nane mchana alipiga. Usiku alikuwa kwenye kibarua cha kupakua kontena, akarudi alfajiri, akalala kidogo akitegemea kengele ya simu, na chaji ikaisha. Aliamka saa saba. Sababu hiyo haina heshima yoyote, lakini niliweza kuieleza kwa sentensi moja, na jopo lilikuwa bado limekaa. Nilimwambia aandike. Aliandika hivi, na kwa ruhusa yake naweka hapa:

"Naomba radhi kwa kutofika kwenye usaili wa mtunza ghala leo saa 4:00 asubuhi, na kwa kutowapa taarifa. Nilitoka kibarua cha usiku, nikalala, na simu niliyoitegemea kuniamsha ilizima chaji. Kosa ni langu. Kama jopo bado linakaa, naomba kusailiwa wakati wowote mtakaopanga, hata mwisho wa orodha. Kesho sina kibarua. Kama nafasi imefungwa, nitaelewa, na nawashukuru kwa kuniita."

Angalia "wakati wowote mtakaopanga". Wengi hapa huharibu kwa kuandika "niko huru Ijumaa mchana", kana kwamba jopo ndilo liwafuate. Angalia pia kwamba ombi lake linajibika kwa ndiyo au hapana, na hakuna aya tatu za kujilaumu ambazo lazima nizisome kabla ya kujua anataka nini. Tulimweka wa mwisho Jumatano. Alishika nafasi ya pili, na kazi akapewa wa kwanza.

Haya ni ya kampuni binafsi. Ukiitwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, usiyategemee: wasailiwa ni wengi, na tarehe na kituo vimetangazwa kwa wote, hivyo kupangiwa peke yako ni jambo gumu sana. Huko tangazo lisome mara mbili kabla ya siku yenyewe.

Jambo moja linanisumbua. Anayejua kudanganya kwa undani, mwenye jina la hospitali na saa ya kulazwa, naye hunipa sentensi ya kumweleza mkuu wa idara. Sina namna ya kumtambua, wala sidai cheti cha daktari kwa mtu ambaye bado si mfanyakazi wetu. Huenda nimeshampa nafasi mwongo na kumnyima mkweli aliyeona aibu kuniambia kwamba alipitiwa na usingizi.