Rambirambi kwa barua pepe: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: rambirambi lazima iwe na maneno mazito.

Maneno mazito kazi yake iko msibani. Ukifika kwa mfiwa, ukamshika mkono na kumwambia "pole sana, ni kazi ya Mungu", kinachosema zaidi ni ule mkono na safari uliyoifunga. Kwenye barua pepe mkono haupo. "Tumepokea kwa masikitiko makubwa taarifa za kifo cha mpendwa wako" inabaki yenyewe, na mfiwa ameshaisoma tangu asubuhi kutoka kwa watu ambao wengine hawajui hata aliyefariki ni nani. Mimi niliwahi kuinakili kutoka barua ya mwaka uliotangulia. Nikabadilisha jina la mfiwa, nikasahau kubadilisha neno "baba". Aliyefariki alikuwa mama yake.

Dua ni jambo jingine. Muislamu akimwandikia Muislamu mwenzake "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun", hayo ni maneno ya imani yao wote wawili, na yana mahali pake. Shida inakuja unapomnukulia "Bwana alitoa, Bwana ametwaa" mtu asiyesali unakosali wewe.

Dhana: kumtaja marehemu ni kumtonesha kidonda.

Kidonda kiko wazi, barua yako haikifungui. Kinachouma ni mtu kuona mama yake amekuwa "marehemu" ndani ya siku moja, hata jina hana. Mtaje. Kama hukuwahi kumwona, andika ulichokijua kupitia kwa mfiwa mwenyewe. Tuseme mwenzako ni Rehema wa uhasibu hapo Dar, na mama yake, Mama Tatu, amefariki na kuzikwa Tanga. Wewe ulimjua kwa visheti tu:

> Dada Rehema,
>
> Pole sana kwa kuondokewa na mama. Sikujaliwa kuonana na Mama Tatu, ila visheti vyake nimekula kila Idi, na mara ya mwisho nilificha vitano kwenye droo ili wenzangu wasivimalize. Lile kopo la maziwa alilovitia bado liko mezani kwako na kalamu zako ndani.
>
> Nimesikitika kwamba sikuwahi mazishi.
>
> Malipo ya wazabuni ya Ijumaa nayafanya mimi, meneja anajua.
>
> Usijisumbue kunijibu.

Hapo hakuna "najua unavyojisikia", kwa sababu hujui. Hakuna pia "alikuwa anaumwa nini?" Swali hilo tunaliuliza sana, na mfiwa ameshalijibu mpaka amechoka. Kuhusu vile visheti vya kuficha, wengine wataona ni utani usiofaa. Mimi ningeuacha, maana unamsifu mama mwenyewe na mapishi yake. Ila ni mmoja tu, wa pili ungeharibu.

Dhana: "ukihitaji lolote usisite kuniambia" ni msaada.

Ni kazi umempa. Akae afikirie anahitaji nini, achague wa kumwomba, kisha aombe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo akifiwa na mzazi. Toa safari ya kwenda Tanga na kurudi, uone zinabaki ngapi. Anayekaa matangani huku akiwaza malipo ya Ijumaa anahitaji kusikia kwamba yamepata mtu, na mtu huyo ni fulani. Ndiyo maana mstari ule umetaja kazi, siku na meneja. Lakini zungumza na meneja kwanza ndipo uandike. Ukiahidi halafu malipo yakakwama, simu za wazabuni zitamfuata hukohuko msibani.

Dhana: mchango na pole vinaweza kwenda pamoja.

Kwa kuwa fedha yenyewe nayo tunaiita rambirambi, watu huchanganya. Namba ya mweka hazina na orodha ya waliotoa ziende kwa wafanyakazi wengine, kwenye barua ambayo jina la mfiwa halimo kabisa. Ikiwa limo, mmoja akibonyeza kujibu wote, mfiwa atasoma nani katoa elfu tano na nani bado. Ya kwako iende kwake peke yake, katika barua mpya, siyo chini ya mazungumzo ya ankara za mwezi uliopita. Kwenye mada andika "Pole, dada Rehema", basi.

Dhana: zikipita wiki mbili, umechelewa, bora unyamaze.

Wiki mbili baadaye tanga limeshaanuliwa, ndugu wamerudi makwao na simu imetulia. Barua ya siku hizo inasomwa taratibu, pengine mara mbili. Andika "nimechelewa kukuandikia", kisha nenda moja kwa moja kwa Mama Tatu na visheti vyake.