Je, wajua kwa nini ukisahau skweya ruti pembe ya vekta inakimbilia digrii 90?

"Nina vekta a = (1, 2, 2) na b = (2, 3, 6). Doti prodakti nimepata 20, chini nikaweka 9 × 49, pembe ikatoka digrii 87.4. Kitabu kinasema 17.8. Doti prodakti nimeirudia rudia iko poa, sasa kosa liko wapi?"

Liko huko chini, kwenye hiyo 9 na hiyo 49. Hizo sio urefu wa vekta, ni urefu ambao umeshazidishwa kwa wenyewe. Urefu ni 3 na 7, kwa hiyo chini ilitakiwa iwe 3 × 7 = 21, afu 20 ukigawa kwa 21 unapata 0.952, ukiitafutia pembe kwenye kalkuleta inakuja digrii 17.75, kitabu kimeikadiria tu. Juu kweli hakuna shida, 1×2 + 2×3 + 2×6 ni 2 + 6 + 12, ishirini kamili.

Ukitaka kuona hiyo ruti inatoka wapi, simama kwenye kona ya chumba. Vekta (1, 2, 2) inakwambia nenda mita 1 kufuata ukuta mmoja, kata kona uende mita 2 sambamba na ukuta wa pili, halafu panda juu mita 2. Ukipima sakafuni, kutoka kona mpaka pale uliposimama, Pithagora anakupa 1 + 4 = 5, yaani umbali ni √5. Sasa huo umbali wa sakafuni na ule wa kupanda juu vinatengeneza pembetatu nyingine yenye kona ya mraba, Pithagora tena, 5 + 4 = 9, na kamba ukiivuta kutoka kona mpaka kwenye ncha itakuwa mita 3, sio mita 9. Hata hivyo bila hesabu yoyote unaona haiwezekani, umetembea jumla mita 5 kwa kuzunguka, njia ya mkato itakuwaje mita 9?

Tatizo 9 inaonekana namba nzuri, imetulia, haina desimali, mtu anaiona kama jibu anaendelea mbele. Na kinachochanganya zaidi ni kwamba vekta ukiidoti na yenyewe unapata hiyo hiyo 9, kwa hiyo kichwani inakaa kama "namba ya vekta a", kumbe ni |a|² na fomula inataka |a|:

```
cos θ = (a · b) / (|a| |b|)
```

Sasa kwa nini jibu bovu limeangukia karibu na 90 na sio kwingine? Angalia vipimo. Tuseme ni mita: juu una mita mara mita, chini una mita mara mita, vinakatana, kosaini inabaki namba tupu, na ndo inavyotakiwa. Ukisahau ruti zote mbili chini kunakuwa na mita zimezidishwa mara nne, havikatani tena, hiyo uliyopata sio kosaini ya kitu chochote. Na kwa vekta zenye urefu unaozidi 1 kule chini kunavimba kuliko inavyotakiwa, sehemu inasinyaa kuelekea sifuri, na pembe ambayo kosaini yake ni sifuri ni digrii 90. Hapa 20/441 ni 0.045, ndo 87.4 yako. Ukisahau ruti moja tu, ya a, unapata 20/63 na pembe inakuwa 71.5, nayo imesogea huko huko ila haijafika mbali, hiyo ndo mbaya zaidi maana inaonekana kama jibu la kawaida kabisa.

Kugundua, mimi napenda kwanza kutumia macho. Zidisha a kwa mbili inakuwa (2, 4, 4), ilinganishe na (2, 3, 6). Tofauti yao ni (0, -1, 2), ncha zimeachana √5 tu, kama 2.24, wakati vekta zenyewe zina urefu wa 6 na 7. Kama kweli kati yao pangekuwa na digrii 87, ncha zingeachana karibu na 9. Kwa hiyo hizi vekta zinaelekea karibu upande mmoja, na jibu la 87 linakataliwa kabla hata hujashika kalkuleta.

Cheki ya pili haikwepeki: pima pembe ya vekta na yenyewe. Lazima iwe sifuri. Kwa njia sahihi a na a inatoa 9/(3×3) = 1, pembe sifuri, safi. Kwa njia ya kusahau ruti inatoa 9/81, yaani digrii 83.6, eti vekta imeachana na yenyewe digrii 83! Au irefushe a mara mbili halafu rudia hesabu yako, pembe haitakiwi kusogea maana kurefusha mshale hakubadilishi unakoelekea. Njia ya makosa itakupeleka kutoka 87.4 mpaka 88.7.

Na doti prodakti nayo ina cheki yake, ambayo inatumia hizo hizo 9 na 49 bila ruti, na hapo ndo mahali pake halali. Toa b − a, unapata (1, 1, 4), mraba wa urefu wake ni 1 + 1 + 16 = 18. Kanuni ya kosaini ya pembetatu inasema hiyo 18 lazima iwe sawa na 9 + 49 − 2×20. Nayo ni 58 − 40 = 18. Imekubali, kwa hiyo 20 iko salama.

Kuna sehemu kosa hili linajificha kabisa. Chukua (1, 2, 2) na (2, 1, -2), doti ni 2 + 2 − 4 = 0, na sifuri ukigawa kwa 9 au ukigawa kwa 81 ni sifuri vile vile, pembe digrii 90 na unapata vema ya bure. Vekta zenye urefu wa 1 pia hazitakushtua kwa sababu ruti ya 1 ni 1. Kwa hiyo ukijipima kwa maswali ya namna hiyo tu utaamini njia yako iko sawa.

Upande wa pili, vekta zikiwa fupi kuliko 1 kosa linapiga kelele. Gawa zako kwa kumi: (0.1, 0.2, 0.2) na (0.2, 0.3, 0.6). Doti ni 0.2, chini bila ruti ni 0.09 × 0.49 = 0.0441, unapata 4.5, na kosaini haiwezi kuzidi 1, kalkuleta inakuandikia `Math ERROR`.

Kwa swali lako lenyewe huna haja ya kufuta kila kitu, ile 441 uliyonayo chukua ruti yake inakuwa 21 moja kwa moja, maana √9 × √49 ni sawa na √(9 × 49). Ila ruti iishie chini. Ukiifunika na 20 ya juu utapata pembe ya digrii 77.7, kosa jipya kabisa.