Samaki Amemla Nani? Dhana Potofu Kuhusu Viambishi vya Kitagalogi

Rafiki yangu wa Mombasa anafanya kazi Doha pamoja na Wafilipino, na Kitagalogi chake amekiokota kazini. Juzi alibandika picha ya sahani yake mtandaoni, akaandika chini yake:

*Kinain ako ng isda. Hindi kinain ko ang kanin.*

Alitaka kusema amekula samaki, wali hakuugusa. Kumbe sentensi ya kwanza inasema samaki amemla yeye.

Dhana: *kumain* na *kinain* ni sawa na kula na kuliwa, kwa hiyo kosa ni dogo.

Ukweli: mzizi ni *kain*, na maumbo yote mawili yanaeleza kitendo kilichokwisha. Kinachobadilika ni nani anabeba *ang*, neno dogo linalotangulia nomino. Ukitia *-um-*, mwenye *ang* ni mlaji. *Kinain* ni umbo la *kainin*: kitendo kikishatimia, *-in* ya mwisho huondoka na *-in-* hukaa katikati, na hapo mwenye *ang* ni kinacholiwa. Yule mwingine hubeba *ng*.

Viwakilishi navyo vina pande hizohizo: *ako* ni “mimi” wa upande wa *ang*, *ko* ni “mimi” wa upande wa *ng*. Rafiki yangu alipoandika *kinain ako*, alijiweka mwenyewe kwenye sahani.

Wala si kauli ya kutendwa kama yetu. “Samaki ameliwa na mimi” hakuna anayesema hivyo nyumbani, lakini *Kinain ko ang isda* ni maneno ya kila siku Manila. Mimi hukumbuka tofauti ya “nimesoma kitabu” na “nimekisoma kitabu”. Hailingani kila mahali, ila inasaidia: samaki yeyote, *Kumain ako ng isda*; samaki yule tunayemjua, *Kinain ko ang isda*.

Dhana: Kitagalogi hakina mpangilio, weka neno popote.

Ukweli: kitenzi kwa kawaida hutangulia, na nomino baada yake zina uhuru kwa sababu *ang* na *ng* zinaonyesha kazi ya kila moja. Uhuru huo hauvifikii viwakilishi vifupi kama *ko*, *mo* na *ka*. Hivi hung'ang'ania nyuma ya neno la kwanza. Kukiwa na kitenzi tu mbele, ni *kinain ko*. Likiingia *hindi*, yaani “si”, linamvuta *ko* kwake: *hindi ko kinain*. Ndivyo ilivyo hata kwa *bakit*, “kwa nini”: *Bakit mo kinain?*, yaani “kwa nini umekila?”.

Dhana: *ay* ni “ni”.

Ukweli: huonyesha tu kwamba mpangilio umegeuzwa. *Masaya ako* na *Ako ay masaya* zote ni “nina furaha”, ila ya pili inasikika rasmi.

Wali ule ulikuwa palepale kwenye picha, unajulikana, hivyo *kinain* na *ang* vilifaa katika sentensi ya pili. Ni *ko* tu aliyepotea njia. Sasa inasomeka:

*Kumain ako ng isda. Hindi ko kinain ang kanin.*