Mama kalazwa, tuandike nini? Dhana potofu kuhusu posti za kuomba dua na mchango

Mtoto wa marehemu kaka yangu alinijia jikoni hapa Majengo, Mombasa, simu mkononi. "Shangazi, nisomee hii kabla sijaituma." Mamake, wifi yangu, alikuwa amelazwa siku ya tatu. Alikuwa ameandika hivi:

*"Ndugu zangu twaomba dua. Mama amelazwa tangu Jumapili, figo zote mbili zimekufa, kreatinini imefika 1,140. Kisukari kimemla miaka 12 na dawa za presha alikuwa hamezi. Anatapika na hawezi kuzuia mkojo. Ametiwa mpira shingoni asafishwe damu mara mbili kwa wiki. Yuko wodi ya wanawake, kitanda 14. Mwenye chochote atume namba hii."*

Chini yake palikuwa na picha ya mama mwenyewe amelala, mpira waonekana, kichwa hakina mtandio. Niliisoma mara mbili. Mtoto alikuwa amechanganyikiwa na mapenzi yote aliyokuwa nayo aliyamimina pale, lakini mwanamke yule, hata mimi wifi yake, hajawahi kunifungulia mlango kichwa wazi.

Dhana: Watu hawaombi wala hawachangi mpaka wajue ugonjwa wenyewe

Hii ndiyo iliyomfanya aandike yote yale. Alidhani maelezo yakizidi, huruma nayo itazidi.

Tazama dua yenyewe tunayomsomea mgonjwa, ile inayokaririwa mara 7: *As-alullaahal-Adhiim, Rabbal-Arshil-Adhiim, an yashfiyak*. Namuomba Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa Arshi Tukufu, akuponye. Haina figo wala sukari ndani yake. Na jirani zetu Wakristo wakimwekea mtu maombi, jina na haja huwatosha. Anayeomba anataka kujua amuombee nani, hali ni nzito kiasi gani, na kama kuna jambo mahsusi la kuombea, kama vile usiku wa upasuaji.

Anayetoa pesa naye ana maswali yake, na maswali hayo si ya kidaktari. Pesa ni za nini? Kiasi gani chatakiwa, na kimepatikana kiasi gani? Anayepokea ni nani, ninamjua? Mwisho ni lini? Rudi kwenye posti ile ya kwanza uone: hakuna hata swali moja kati ya hayo lililojibiwa. Kreatinini ipo, kiasi kinachohitajika hakipo. Mtu wa Kisauni angeisoma, asikitike, kisha asijue kama atume shilingi 200 au 5,000, na namba ile ni ya nani.

Tukaketi tukaipitia neno kwa neno, na kwa kila neno nilimuuliza jambo moja: msomaji akilijua hili atafanya nini? "Kreatinini 1,140": hakuna la kufanya, likatoka. "Hawezi kuzuia mkojo": hakuna, na hilo mama hatalisahau akipona, likatoka. "Dawa alikuwa hamezi": hilo ni lawama, na walio mbali wangekuja na mawaidha badala ya dua. Likatoka. "Kisukari miaka 12": mama ana mabinti wawili hawajaolewa, na hapa kwetu posa ikija watu huulizia maradhi ya ukoo. Nalo likatoka. "Kitanda 14" ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu lingewaleta watu wodini saa zote, na madaktari walikuwa wamesema wageni wapungue.

Kisha nikamwambia, kabla ya yote, amuulize mamake. Wifi alikuwa na akili zake timamu, tena akajibu papo hapo: "Semeni naumwa, niombeeni. Figo zangu ni zangu." Posti ikawa hivi:

*"Assalaam alaikum jamaa na majirani. Mama yetu amelazwa tangu Jumapili, na maradhi yake yataka matibabu ya mara kwa mara. Yuko macho na azungumza, lakini ni dhaifu. Twawaomba dua zenu, hasa usiku wa leo na kesho.*

*Madaktari wamezuia wageni kwa sasa, tafadhali msije hospitalini. Anayetaka kutuona tuko nyumbani baada ya Maghrib.*

*Baada ya bima, gharama ya wiki mbili zijazo pamoja na usafiri ni shilingi 60,000. Tumepata 22,000, zimebaki 38,000. Mchango wapokewa na kaka yetu mkubwa peke yake, kwa namba iliyo hapa chini. Hakikisheni jina lake ndilo linalotokea kabla ya kutuma. Twafunga Ijumaa ijayo usiku, na siku hiyo nitawapa hesabu. Mama ameridhia tuombe. Maswali niulizeni mimi."*

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na ya ugonjwa ni sentensi mbili tu.

Si kwamba kila neno la hospitali ni la kufutwa. Ikihitajika damu, taja kituo, saa, na kama kuna kundi maalumu linalotakiwa, na ukumbushe kwamba mchangiaji awe na kilo 50 au zaidi. Maneno hayo yanamtoa mtu nyumbani. Kwa nini mgonjwa anahitaji damu, huo ni mlango mwingine, uache umefungwa.

Dhana: Kuacha jina la ugonjwa ni kudanganya watu

Kunyamaza ni kitu kimoja, kusema la uongo ni kitu kingine, na wengi huvuka mpaka huo bila kujua. Huona aibu kusema kansa, wakaandika "malaria imempanda kidogo". Wiki tatu zikipita mgonjwa bado yuko wodini, waliochanga huanza kuulizana: malaria gani hii? Mtu akija kupata habari kamili kwa mlango wa nyuma, huona ametapeliwa, hata kama kila shilingi ilikwenda dukani kwa mwenye dawa.

Dawa yake ni kupanda juu hadi kwenye neno pana ambalo ni kweli. "Maradhi ya muda mrefu", "anasubiri upasuaji", "yuko chini ya uangalizi wa karibu", "amepata ajali, yuko salama lakini hawezi kutembea". Kila moja lastahimili mtu akijua yote. Kipimo changu ni hicho: daktari wake akiisoma posti, je, atakuta uongo? Asipoukuta, umesitiri na hujadanganya.

Uzito nao usiupunguze. Ukiandika "hajisikii vizuri" kwa mtu aliye mahututi, jamaa wa Lamu au Tanga atasema atakuja mwisho wa mwezi, na huenda asimkute. Kwa jamaa wa karibu kama hao, piga simu uwaambie yote. Posti ni ya wengine.

Dhana: Ni kundi la familia tu, haitatoka

Kundi la familia yetu lina wakwe, majirani waliohama, na namba tatu ambazo hakuna aijuaye ni za nani. WhatsApp hukuruhusu kumfutia kila mtu ujumbe kwa muda wa siku mbili na kidogo, baada ya hapo nafasi imekwisha. Hata ukiwahi, aliyepiga skrinshoti anayo, na aliyenakili maneno akayabandika kwingine hakuachia alama yoyote kwamba yametoka kwako. Andika ukijua kwamba itafika ng'ambo ya Likoni kabla ya Isha, hata kwa asiyekupenda.

Dhana: Picha ya mgonjwa na ya bili ndiyo ithibati

Watapeli huzipenda hasa hizo. Huchukua picha ile ile na maneno yale yale, wakabadilisha namba ya simu, basi. Picha ya mgonjwa haithibitishi pesa zinakwenda wapi. Kinachothibitisha ni mtu anayejulikana aliyesimama nyuma ya namba: jina linalotokea kwenye M-Pesa liwe ni lile lililoandikwa kwenye posti, na mtu wa pili wa mtaa, imamu au mzee wa kanisa, awe ameiona bili kwa macho yake na yuko tayari kuulizwa.

Mtoto yule alitaka kuibandika bili. Tukaikunjua mezani. Juu kabisa jina kamili, umri, namba ya faili. Katikati, mstari kwa mstari, majina ya dawa na ya huduma, na mstari mmoja tu wamtosha muuguzi yeyote kujua mgonjwa ana nini. Alikuwa amevipaka hivyo kwa ile kalamu ya rangi ya kwenye simu. Nikachukua picha, nikaongeza mwanga kwenye sehemu ya kuhariri picha, na herufi zikaanza kujitokeza chini ya wino, kwa sababu kalamu ile hupitisha mwanga. Kama lazima bili ionekane, ikate ibaki jumla ya pesa na tarehe, au ifunike kwa umbo lililojaa rangi nzito, kisha ujaribu mwenyewe kuongeza mwanga kabla ya kutuma. Sisi hatukuituma. Tulimpelekea imamu wa msikiti wetu bili nzima aione, akairudisha.

Ya picha ya mama niliomba ifutwe hata kwenye simu. Tukaweka ile aliyopigwa Idi, amevaa buibui lake na anacheka, yeye mwenyewe akaichagua.

Dhana: Mgonjwa akiwa mzee, wanawe ndio wasemaji

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya habari za familia na mambo yake ya faragha zisifichuliwe pasipo sababu. Haikusema haki hiyo huisha mtu akizeeka au akilazwa. Mwenye fahamu aulizwe, na asomewe posti yote, si kuambiwa "tunaomba dua tu". Asiye na fahamu, yule aliye karibu naye zaidi ndiye aamue, na aandike kidogo kuliko anavyodhani chatosha. Ya kuongeza yataongezwa mama akiamka, lakini yaliyokwisha kutoka hayarudi.

Posti ilipokwenda, maswali yalikuja. Wa kwanza, dakika kumi baadaye: "Anaumwa na nini hasa?" Mtoto akanitazama. Nikamwambia usimnyamazie, maana kimya huzaa uvumi, wala usimwandikie pembeni, kwa sababu la pembeni nalo husafiri. Akajibu pale pale mbele ya wote: "Ahsante kwa kutujali. Mama ameomba hilo libaki kwake. Dua zako zamfikia, na Ijumaa nitawaambia anaendeleaje."

Yule jamaa akaandika: "Allah amshafie. Natuma sasa hivi."