Je, Wajua Tapeli wa Ajira Huiba Jina Kabla ya Pesa?

"Mtu anayejiita afisa ajira ameniandikia akiniahidi kazi. Kwa nini anang'ang'ania namba yangu ya NIDA na picha ya kitambulisho, wakati sina hata shilingi ya kuibiwa?"

Kwa sababu una watu wanaokuamini. Hao ndio wenye pesa, na jina lako ndilo mlango wa kuwafikia.

Mpwa wangu anaishi Pasua, Moshi, na alikuwa amemaliza kozi ya utalii. Jioni moja akapata ujumbe kwenye akaunti yake ya LinkedIn: hoteli moja ya kitalii Arusha inamtaka mapokezi, mshahara 1,200,000 kwa mwezi, hakuna usaili wa ana kwa ana. Aliyeandika alikuwa na picha nzuri ya suti na jina la hoteli ambayo ipo kweli. Baada ya ujumbe wa tatu akamwambia wahamie WhatsApp, "huku siingii sana". Hapo ndipo mimi ningeshtuka, kwa maana akaunti ya LinkedIn inaweza kuripotiwa na kufungwa, na aliyeijenga kwa hila hataki mazungumzo yabaki humo.

Huko WhatsApp aliombwa vitu vitatu: picha ya kitambulisho cha taifa mbele na nyuma, picha yake akiwa amekishika, na "namba ya usaili" ya tarakimu sita ambayo ingemfikia kwa SMS.

Tuanze na ile namba, maana ndiyo yenye madhara ya haraka. Hakuna namba ya usaili hapo. Tapeli ameweka namba yako ya simu kwenye WhatsApp ya simu yake, na WhatsApp imekutumia wewe tarakimu za kuthibitisha. Ukimpa, akaunti yako inahamia kwake na wewe unatolewa. Dakika chache baadaye kundi la ukoo linasoma, kwa jina lako na picha yako, kwamba umekwama na unaomba 50,000. Shangazi wa Rombo atatuma bila kuuliza.

Kitambulisho kina kazi nyingine. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, kwa hiyo ukiitoa umeshatoa zaidi ya namba. Peke yake haitoshi kusajili laini ya simu, kwa kuwa usajili hapa kwetu unadai alama ya kidole. Ndiyo maana wengine huitwa kwenye "ofisi" ya chumba kimoja wakaombwa kuweka dole gumba kwenye kifaa kidogo, eti fomu ya ajira. Kataa hilo kabisa. Na ile picha ukiwa umeshika kitambulisho hupelekwa kwa mtu mwingine anayetafuta kazi, ili aamini kwamba "afisa ajira" ni wewe.

Mpwa wangu hakuituma ile namba. Aliniletea simu, tukafungua akaunti ya yule mtu, tukabonyeza nukta tatu na kuchagua "About this profile". Hapo LinkedIn huonyesha mwezi na mwaka akaunti ilipofunguliwa. Yake ilikuwa imefunguliwa mwezi uliotangulia tu, ilhali alijieleza kuwa na miaka tisa kazini. Akaunti changa peke yake si kosa, lakini hizo mbili hazikai pamoja. Barua ya ajira nayo ilitoka kwenye anwani ya Gmail yenye jina la hoteli ndani yake. Kinachohesabika ni maneno yaliyo baada ya alama ya @, kwa sababu yaliyo kabla yake mtu yeyote anaweza kujitungia.

Asubuhi alipanda Coaster hadi Arusha, akaenda mapokezi ya hoteli yenyewe. Nafasi hiyo haikuwepo, wala mtu huyo. Nauli ile ilikuwa ndogo kuliko 45,000 za "vipimo vya afya" alizokuwa ameshaombwa.

Kama umeshatoa taarifa zako, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na usiyoitambua iripoti kwa mtandao husika. Kama WhatsApp imechukuliwa, isajili upya kwa namba yako mwenyewe, uwapigie ndugu simu ya sauti, kisha uwashe "Two-step verification" ndani ya Settings, Account. Ujumbe wa SMS wa kitapeli utume kwenda 15040.

Na wasifu wako wa kazi upunguze. Jina, simu, barua pepe, mji, elimu na uzoefu vinatosha mwajiri kukuita. Namba ya NIDA na tarehe ya kuzaliwa vitajazwa siku ya mkataba, mezani kwake, ukiwa umeshaiona ofisi.